Barua ya wazi kwa vijana wa kampuni changa za utalii Moshi: kumjibu ajenti uliyemchelewesha

Wanangu, salamu sana. Nawaandikia nyote mliotoka kwenye uongozaji mkafungua kampuni zenu, maana naona kitu kimoja kinawala kimyakimya. Ajenti wa nje anaandika anaomba bei ya kundi, unaisoma imeili ukiwa mlimani au getini unahangaika na vibali, unasema ntamjibu nikitulia, siku zinaenda wiki mbili zinakatika, halafu aibu inaingia na aibu ndo inakufanya usijibu kabisa. Ajenti mmoja anaweza kukuletea makundi kila msimu miaka na miaka, sasa unamwacha apotee kwa sababu ya haya tu jamani!

Juzi kijana mmoja kati yenu (simtaji) alikuja na simu yake nimsaidie. Ajenti wa Ujerumani alikua ameuliza vitu vitatu: bei kwa kichwa kwa watu 6 njia ya Lemosho siku 8 wanaanza kupanda tarehe 2 Februari, kama mtu akitaka hema la peke yake anaongeza ngapi, na mkiwa juu mtu akizidiwa mnamshushaje. Siku 16 zimepita hajajibiwa. Kijana kaandika rasimu yake, aya nzima ya pole, mara mtandao ulikua mbovu, mara umeme, mara tulikua na kazi nyingi sana, mwishoni akamaliza na "tafadhali tujulishe kama bado mna nia".

Hiyo sentensi ya mwisho ndo inayoua. Fikiria yule ajenti anavyoipokea, ana makundi mengine kumi mezani, inabidi atafute imeili yake ya zamani, akumbuke aliuliza nini, aandike tena kwamba ndio tuna nia, halafu asubiri tena wewe ndo uanze kutafuta bei. Yaani umemchelewesha na bado umemrudishia kazi. Na ile "tulikua na kazi nyingi" yeye anaisoma hivi: hawa wana wateja wengine wa maana kuliko mimi, na kama wako hivi kwenye bei, mteja wangu akiumwa kambi ya Barafu saa nane usiku nani atapokea simu?

Kwaiyo kabla hujaandika neno la pole, kaa chini ufanye ile kazi aliyoomba, yote. Piga bei upya usimtumie ile uliyokua nayo kichwani wiki mbili zilizopita, hakikisha waongozaji na mahema bado yapo kwa tarehe ile, na kama safari yenyewe inavuka tarehe 1 Julai angalia ada za hifadhi maana mwaka wa fedha ukigeuka na ada zinaweza kugeuka. Ukishapata majibu yote ndo unafungua imeili yake ileile unamjibu humohumo, usianzishe mpya, ili akishuka chini aone swali lake mwenyewe. Pale kwenye kichwa cha imeili unaweza kuongeza "bei na ratiba ziko ndani", inamsaidia kuifungua.

Tulivyomaliza na yule kijana ilitoka hivi. Naiandika kwa Kiswahili mwone mwendo wake, nyie mtaigeuza kwa lugha ya ajenti wenu:

"Nimechelewa kukujibu kwa siku 16, naomba radhi, najua ulikua unaisubiri kwa ajili ya wateja wako. Majibu yako haya hapa. Bei kwa kila mtu kwa kundi la watu 6 iko kwenye faili niliyoambatanisha, pamoja na nyongeza ya hema la mtu mmoja. Mtu akizidiwa: mwongozaji mkuu anabeba oksijeni na kipima oksijeni, wagonjwa wanashushwa muda huohuo na mwongozaji msaidizi, usiku au mchana, na utaratibu kamili uko ukurasa wa pili. Ratiba nimeipanga tayari kwa wateja wako, kutoka geti la Londorossi mpaka kushukia Mweka, na unaweza kuweka nembo yako. Nimeshikilia waongozaji na mahema kwa tarehe 2 Februari mpaka Ijumaa hii. Je, kundi bado linaanza tarehe hiyo au imesogea?"

Basi. Pole ni sentensi moja, inataja kosa lilivyo (siku 16, sio "kuchelewa kidogo") na inataja lilimuumiza nani, halafu inaondoka njiani. Swali ni moja tu, la kujibiwa kwa mstari mmoja hata akiwa kwenye treni. Ile ratiba yenye nafasi ya nembo yake ndo inarudisha mwendo hasa, maana hakuiomba lakini angekuja kuihitaji kesho yake, umemsogeza mbele hatua moja kwenye kazi yake mwenyewe. Na ile Ijumaa iwe kweli, kama hujashikilia mtu usiandike.

Sababu je? Kama ulifiwa kweli sema ulifiwa, maneno matatu yanatosha. Ila msiue shangazi kwa ajili ya imeili wanangu, mtu mnaetaka kufanya nae kazi miaka kumi atakuja kukaa na nyie mezani na atawauliza.

Wengine mnakimbilia kupunguza bei kama fidia. Hapana, na hili nalisema kwa uzito. Ajenti anaejua Kilimanjaro akiona bei imeshuka ghafla anajiuliza imetoka wapi, na anajua mara nyingi inatoka kwenye mshahara wa wapagazi na chakula chao. Wengi wao siku hizi wanauliza kabisa mnawalipaje wapagazi. Unataka kuomba radhi unaishia kumpa sababu ya pili ya kukuogopa. Mpe muda wako na umakini wako, bei iache.

Tuma asubuhi, Jumanne au Jumatano. Saa nne asubuhi kwetu Ujerumani ni saa mbili asubuhi wakati wa baridi na saa tatu wakati wa kiangazi, anafungua kompyuta anakukuta juu. Lakini kama aliekuandikia ni mtu wa Nairobi au Dar, tena kwa wasapu, mpigie kwanza msalimiane vizuri, omba radhi kwa mdomo halafu ndo utume faili. Kwetu mtu mzima kuombwa radhi kwa maandishi matupu anaona umemkwepa.

Asipojibu, subiri siku nne tano za kazi umkumbushe mara moja kwa mistari miwili, bila kuomba radhi tena, umwambie tu kwamba tarehe umeiachia ila unaweza kuitafuta upya. Baada ya hapo kaa kimya. Akirudi na swali la bei au la chakula cha wasiokula nyama, ujue amerudi, na hapo mjibu siku hiyohiyo hata kama jibu lenyewe ni "nimeipata, ntakupa kamili kesho saa sita", maana ukichelewa mara ya pili hakuna imeili itakayokuokoa. Na akisema kundi tayari limepewa wengine, mshukuru, mtakie wateja wake kilele chema, muulize anaanza kupanga msimu wa Juni lini, andika hiyo tarehe kwenye kalenda ya simu umtafute wewe.

Mwenye imeili ya namna hii imelala kwenye simu yake aje nayo Jumamosi asubuhi, aje amekwishapiga bei, tutaiandika pamoja.

Mzee wenu, Moshi