Barua kwa mwanangu: kifo cha Babu kianzie sura ya kwanza

Moshi

Mwanangu Aika,

Muswada wako nimeusoma wote. Hadithi ya Machame, ya Upendo na babu yake na mfereji wa maji, imesimama. Ila kifo cha Babu katika sura ya tisa hakiumi. Msomaji anafika pale, anasema maskini mzee wa watu, anafungua ukurasa unaofuata. Kosa haliko kwenye sura ya tisa, liko kwenye nane zilizotangulia.

Kwanza futa bundi. Futa na ndoto ya mto uliokauka, na pale Babu anaposema "siku zangu zimekwisha, mjukuu wangu". Bundi akilia juu ya paa, msomaji wetu keshatandika mkeka msibani. Kuanzia hapo anasubiri tu. Ile damu kwenye leso nayo iondoe, kwa sababu inampeleka msomaji kwenye kifua kikuu wakati wewe umemuua mzee kwa moyo. Dokezo linatakiwa litoke kwenye chanzo kilekile kitakachoua. Likitoka kwingine, kifo kitaonekana kimeletwa na mwandishi.

Basi tuufuate moyo. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujikusanya miguuni, hasa jioni baada ya mtu kushinda wima. Akilala chali, maji hayo hurudi kwenye damu na mapafu huzidiwa, pumzi ikabana. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo huongeza mto wa pili, wa tatu, mwisho akalala amekaa kitini. Akipanda mlima husimama njiani. Hapo umepata vitu vitatu vya nyumbani ambavyo havina harufu ya kifo hata kidogo: viatu, mto na mlima.

Viatu uviweke mapema. Sura ya kwanza Babu anavuta gambuti kwa nguvu na kulalamika kwamba siku hizi viwandani wanapunja namba. Sura ya nne anakwenda ibadani na kandambili, na Bibi anamgombeza kwa kumtia aibu mbele ya wazee wa kanisa. Angalia kilichotokea: kiatu hakikurudiwa, kimebadilika hali. Ukirudia "viatu vilimbana" mara tatu unampigia msomaji kengele. Kikibadilika, kila mara kinaonekana ni jambo jipya. Halafu kila tokeo lina kazi yake palepale. Kandambili ziko pale ili Bibi na Babu wagombane, na ugomvi wao unachekesha. Ukiweza kukifuta kitu kwenye onyesho na onyesho lisipungukiwe, bado ni alama tu. Kitafutie kazi au kitoe.

Mlima ni rahisi zaidi, maana mzee wa Kichagga ana kisingizio tayari. Akipanda kutoka barabarani anasimama kukagua mibuni ya jirani, anauliza habari za ng'ombe, anasalimia hadi mlango wa nne. Upendo anamwona mzee mwenye maneno mengi. Wewe unajua anatafuta pumzi. Usimwambie mtu.

Sasa mahali pa kuficha. Mwisho wa aya na mwisho wa sura ni sehemu zenye mwanga mkali. Chochote ukiweka hapo kinasomwa mara mbili. Wewe umemalizia sura ya tatu na "Babu akaomba mto mwingine". Umeuning'iniza mto mlangoni! Uingize katikati ya sentensi, kati ya mambo mawili yanayovutia zaidi. Kwa mfano:

"Bibi alitoa shuka mbili kwa ajili ya wageni, mto mmoja wa ziada kwa Babu, na lile blanketi la harusi ambalo Mama Mdogo alikuwa akilidai tangu mwaka juzi, na kabla halijakunjuliwa, ugomvi ukaanza."

Jicho la msomaji linakimbilia blanketi. Mto umepita, lakini umeingia.

Maneno ya kupita yana kanuni inayofanana na hiyo: yawe jibu la swali lingine, na asiwepo wa kuyashtukia. Ukiandika "Upendo alimtazama kwa mshangao", umeyaharibu. Katika sura ya pili Upendo anauliza kwa nini yeye ndiye aamshwe alfajiri kufungua maji wakati kaka zake wamelala. Babu ajibu, "Maji yetu ni Jumatano. Ukisahau, hakuna jirani atakayekukumbusha, atayapitisha kwake." Kwa wakati ule ni ukali wa mzee anayejua zamu ya mfereji inavyogombewa. Neno kifo halimo wala "nikiwa sipo" haimo. Baadaye sentensi hiyohiyo itakuwa wosia.

Na hapa ndipo penye uzito wote. Kwamba mzee wa kwenye hadithi atakufa, msomaji anahisi tangu ukurasa wa kwanza. Huwezi kumshtua kwa hilo. Kinachomuuma ni kazi itakayobaki bila mtu. Kwa hiyo mwonyeshe Babu akifanya kazi ile kwa ukamilifu mara moja, sura ya pili, bila haraka: anatoa mgomba uliokatwa na udongo uliozibia njia, anapanua mdomo wa mtaro kwa jembe, anangoja maji yafike kwenye migomba ya mwisho, anaziba. Sura ya sita Upendo afanye mwenyewe, Babu ameketi juu ya jiwe anaelekeza. Uhamisho huo wa jembe ndio dokezo kubwa kuliko yote, na msomaji ataliona kama furaha ya mtoto kukua.

Muswada wako una kurasa 140, na Babu anafariki ukurasa wa 104. Gambuti ziwe karibu na ukurasa wa 8, maji ya Jumatano wa 20, mto wa 35, kandambili wa 48, jembe wa 75. Kitini alale ukurasa wa 86, kwa nusu sentensi. Baada ya hapo nyamaza. Hizo kurasa kumi na nane za mwisho kabla ya kifo zimwachie Anko Elia na bodaboda yake, kwa kuwa hofu ya msomaji inataka pa kukaa. Lakini Elia asiwe chambo tupu. Deni lake la pikipiki lifikie mwisho wake, ama sivyo msomaji atajiona amechezewa.

Babu afe usiku wa Jumanne. Alfajiri nyumba imejaa watu, na maji yanapita juu ya kihamba, shamba la nyumbani kwao, kwenda kwa jirani. Ile aya inayoanza "Ndipo Upendo akakumbuka maneno ya Babu" ikate yote. Ukimkumbusha msomaji, umemnyang'anya kazi yake.

Ukimaliza, wape watu watatu wasioijua hadithi, wasome hadi mwisho wa sura ya nane, uwaulize wanaogopa nini. Wote wakisema Babu, umepiga kelele. Punguza dokezo la karibu zaidi na kifo, si la mwanzo. Kisha wamalize ya tisa. Wakisema amekufa ghafla mno, ongeza kwenye mlima, usiongeze kwenye maneno. Anayerudisha kurasa nyuma mwenyewe kutafuta zile kandambili, huyo ndiye uliyemwandikia.

Nitumie sura ya pili na ya sita kwanza. Ya tisa usiiguse, ukiacha ule usiku wa Jumanne na alfajiri yake, na aya ile ya kukata.

Mama yako