Neno "chemsha" litoke kwenye karatasi ya maziwa

Jamani wenzangu, ile karatasi ya maelekezo ya mashine ya kupasha maziwa tusiandike "chemsha". Jana nilimsomea kaka mmoja wa laini ya uzalishaji akaniuliza mbona maziwa hayatoi mapovu, na ana haki, kwake kuchemsha ni mapovu. Tuandike hivi: maziwa yapashwe moto mpaka digrii 72, yakae kwa joto hilo sekunde 15, halafu yapoozwe haraka mpaka digrii 4.

Na pale tulipoandika "vali ikirudisha maziwa ni hitilafu" tufute kabisa, maana joto likishuka chini ya 72 vali inayarudisha yapashwe tena, ndo kazi yake, mtu akidhani imeharibika akailazimisha basi maziwa mabichi yanaingia kwenye pakiti.