Barua kwa mwanangu: shairi lako la babu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Shairi lako limefika salama. Nimelisoma kimya mara mbili, kisha jioni nikamsomea bibi yako kwa sauti tukiwa mkekani. Mengi ninayokuandikia hapa yametokana na jioni ile.

Nilipoanza tu, «Mwezi wang'aa angani, taa inametameta», bibi akanishika mkono. «Mwezi? Mwezi ukiwaka, babu yake alikuwa hapa hapa anashona nyavu.» Ana haki. Dagaa hufuata taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, mwanga wa karabai haushindi, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika mpaka mwezi upungue. Umeweka mwezi na taa katika mshororo mmoja kwa sababu vyote vinapendeza, lakini kimoja kinakifukuza kingine. Mstari wa pili nao unasema «Babu yuko baharini». Babu yako alivua Ziwa Tanganyika maisha yake yote. Hiyo bahari umeiazima kwa washairi wa pwani. Jaribu hivi:

Giza likiwa ziwani, taa inametameta,
Babu yumo mtumbwini, nyavu zake azivuta.

Mizani ni nane kwa nane, vina vyako vya *ni* na *ta* vimebaki, na sasa msomaji yuko Kigoma.

Mshororo wa tatu ulinikwaza ulimi, nikarudia kuhesabu: «Na mimi nipo ufukweni, usiku unapita». Jumla ni mizani kumi na sita, kwa hiyo naelewa kwa nini uliuacha. Ila ukwapi una tisa na utao una saba. Jicho halioni kosa, sikio linaliona, maana pumzi inatua baada ya mahali ilipozoea kutua. Sema «Nami nipo ufukweni, usiku wote wapita». Umepunguza silabi moja kule, ukaongeza moja huku, na lile neno «wote» limeleta urefu wa kungoja ambao haukuwepo. Usihesabu jumla ya mshororo. Hesabu kila kipande peke yake, na upige kofi ukisoma.

Sasa niseme lililonisumbua zaidi, nalo ni ubeti wa sita. «Pengo lisilozibika, machozi yanimwagika.» Kisha «Moyo wanivuja damu». Hesabu vipande hivyo vitatu, mwanangu. Kila kimoja kina mizani nane kamili. Ndiyo maana vilikujia upesi. Ni kama matofali yaliyokwisha kuchomwa, saizi yake ni ile ile ya ukuta wako, unachukua unapanga. Lakini yamekwisha kupangwa kwenye misiba ya watu wengi mno. Nikifuta jina la babu, ubeti ule unamfaa marehemu yeyote, hata ambaye hukuwahi kumwona. Najua ulilia ulipouandika. Mimi pia nililia siku ile. Machozi yako ni ya kweli, ila msomaji hawezi kuyachukua kwa kuambiwa tu kwamba yapo.

Na ajabu ni kwamba ulikwisha kumpa sababu ya kulia, kisha ukapita bila kutazama. Ubeti wa tano, mshororo wa mwisho: «Karabai ukutani, bibi bado aifuta». Nilipousoma huo, bibi yako alinyamaza. Akaitazama karabai pale msumarini, akachukua upindo wa khanga akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Nilipoendelea na ubeti wa sita, alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kutazama moto. Shairi kwake lilikuwa limeisha.

Kwa hiyo ondoa ubeti wa sita wote. Ila usidhani kufuta kutatosha, maana ule mshororo wa karabai kwa sasa umetokea ghafla mno. Utengeneze tangu juu. Katika ubeti wa pili au wa tatu utuonyeshe babu nyumbani siku za mbalamwezi, nyavu mapajani, na bibi akiisafisha karabai mwezi unapoanza kupungua, ili iwe tayari giza likirudi. Ulimwona akifanya hivyo kila mwezi, hukuandika hata mara moja. Msomaji akishaijua desturi hiyo, akifika mwisho na kukuta anaifuta bado, hatahitaji neno «pengo». Unaona basi kosa la mwezi lilivyokuwa kubwa: lilikuficha mlango wa kuingilia mwisho wako.

Ubeti wa nne sijaugusa. Uache ulivyo.

Niandikie rasimu nyingine ukimaliza, nitamsomea bibi tena pale pale mkekani. Leo hayupo, ameamkia Kibirizi kununua dagaa. Mwezi umekwisha, na mitumbwi imerudi na mzigo.

Mama yako