Barua kwa Mama Neema kuhusu wauzaji wa vitenge wa jumla

Lubumbashi, tarehe 12 Mei

Mama Neema, rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, Baba Neema na watoto wote. Barua yako niliipokea Jumapili na nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema kwamba umekwisha kukusanya dola 900, na kwamba kuna mtu hapa sokoni aliyekuahidi balo zima la vitenge kwa bei ya chini, mradi umtumie nusu ya fedha kabla ya mwezi kuisha. Nakuomba usimtumie hata dola moja kwa sasa. Simwiti mwizi, kwa maana simjui. Ninachosema ni kwamba wewe pia humjui, na fedha hizo ndizo zote ulizo nazo.

Nitakueleza yaliyonipata mimi mwaka 2019, kwa sababu wakati ule ulikuwa umekwisha kuhamia Likasi na sikukusimulia vizuri. Mfanyabiashara mmoja alinionyesha kipande cha kitenge kizuri mno, kizito mkononi, rangi zimeingia pande zote mbili, nami nikamlipa dola 400 za kutanguliza. Balo lilipofika nililifungua sebuleni. Vipande kumi vya juu vilikuwa sawa na kile nilichoonyeshwa. Chini yake palikuwa na kitambaa kingine kabisa, chepesi, na vingine vilikuwa na mistari ya kahawia kwenye mikunjo, alama ya mzigo uliolala mahali penye unyevu. Niliporudi kwake aliniambia kwamba yeye pia aliupokea ukiwa umefungwa. Tangu siku ile nafahamu kwamba kipande cha kuonyeshwa hakithibitishi lolote zaidi ya kwamba kipande kimoja kizuri kipo. Kinachopimwa ni oda ndogo, iliyotolewa katika mzigo uleule utakaouziwa baadaye.

Lakini kabla ya kupima ni lazima ujue ni nani aliye muuzaji wa jumla kweli. Ukitembea soko la Kenya, au ukizunguka soko la Mzee Kabila, utaona maduka mengi yanayodai kuuza kwa jumla, kumbe wengi wao huchukua mzigo katika depo ya jirani na kuongeza chao juu. Halafu wapo makomisioneri, vijana watakaokupokea mlangoni na kukupeleka "kwa mwenye bei nzuri". Malipo yao yamo ndani ya bei hiyo, nawe ndiwe unayeyalipa. Mimi huuliza bei ya namna tatu kwa mpigo mmoja: ya vipande 5, ya vipande 20, na ya balo zima. Mwenye mzigo wake ana ngazi za bei kichwani, na atakujibu bila kusita. Asiye na mzigo atakutajia bei ileile kwa vipande 5 na kwa 20, au atakuomba usubiri kidogo, kisha utamwona kijana akitoka mbio. Baada ya hapo naomba ua lilelile katika rangi nyingine. Vitenge huchapwa kwa ua moja katika rangi kadhaa, kwa hiyo aliyenunua mzigo mkubwa atakuwa na ua hilo katika rangi tatu au nne, na yule anayeokotaokota atakuwa na moja tu.

Njia nyingine, ambayo naiamini kuliko maneno ya wauzaji wenyewe, ni mafundi cherehani. Fundi hana kitenge cha kukuuzia, lakini kila siku anakata vitambaa vilivyonunuliwa katika maduka yote ya mji, na wateja wanamrudia na lawama pale nguo inapochuja au inapopungua. Kaa na mafundi wawili watatu, uwaulize ni vitenge vya duka gani wanavyovichukia, na vya duka gani wanavyovipenda. Mimi nilipata majina matatu kwa njia hiyo mwaka jana, wakati muuzaji wangu wa zamani alipofunga duka lake.

Kwa kila mmoja wa hao watatu nilinunua vipande 6 vya yadi 6, yaani nusu-pyesi, kwa vile pyesi nzima ni yadi 12. Wa kwanza aliniuzia kwa dola 8, wa pili kwa dola 8 na nusu, wa tatu kwa dola 6, na jumla yote ikawa dola 135. Sikumweleza yeyote kwamba ninafanya jaribio, wala sikumwahidi yeyote kwamba nitarudi na oda kubwa, kwa sababu ahadi kama hiyo humfanya muuzaji akutengee vipande vizuri. Kila mahali niliomba vipande vitolewe katikati na chini ya rundo. Wa pili na wa tatu walikubali. Wa kwanza alitaka kunichagulia yeye mwenyewe, na ilinibidi nisisitize.

Nyumbani nilianza na futi ya kupimia. Yadi 6 ni mita 5 na sentimita 49, na hilo ulishike moyoni, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua. Vipande vya yule wa pili vilikuwa na mita 5 na sentimita 48, na vya wa tatu vilikaribia hapo. Vya wa kwanza vilikuwa na mita 5 na sentimita 10 tu. Sasa piga hesabu: dola 8 kwa mita 5.10 ni karibu dola 1 na senti 57 kwa mita moja, wakati dola 8 na nusu kwa mita 5.48 ni dola 1 na senti 55. Yule aliyeonekana rahisi ndiye aliyekuwa ghali. Na hasara yenyewe ni kubwa kuliko hizo senti mbili, kwa sababu mteja anayetaka blauzi, kitambaa cha kujifunga na kingine cha juu anahitaji yadi zake 6 kamili. Fundi akimwambia kwamba kitambaa hakitoshi, hatarudi kwa muuzaji wa jumla, atarudi kwako.

Kisha nilichomoa nyuzi chache pembeni mwa kila aina, nikaziwasha kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha jivu jepesi linalosagika kwa vidole. Nyuzi za yule wa tatu zilijikunja, zikayeyuka, zikaacha punje nyeusi ngumu, maana yake kilikuwa kitambaa cha poliesta, ingawa alikuwa ameniapia kwamba ni pamba tupu. Poliesta yenyewe si kosa, kwa kuwa wapo wateja wanaoipenda kwa vile hukauka upesi na haichuji kirahisi. Kosa ni kuiita pamba, na mtu aliyenidanganya kwenye vipande 6 sina sababu ya kumwamini kwenye balo.

Mwisho nilifua. Kabla ya kulowesha, sugua kitambaa kati ya viganja viwili juu ya nguo nyeusi. Ukiona unga mweupe unadondoka, ujue uzito ule ulioufurahia dukani ni wanga tu. Kitenge cha yule wa kwanza kilitoa unga mwingi, na baada ya kufuliwa kililegea hata nikaona vidole vyangu upande wa pili. Kile cha wa pili kilitoa rangi kidogo katika maji ya kwanza, na maji ya pili yakawa safi. Nilikikandamiza kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa na hakikuacha doa. Kilipokauka kivulini kilikuwa kimepungua karibu sentimita 10, jambo la kawaida kwa pamba. Usijali sana maandishi yaliyochapwa ukingoni mwa kitambaa, kwa kuwa wanaoiga maua ya wengine huiga na maandishi yao.

Hata hivyo sikuenda kununua balo siku iliyofuata. Oda ya kwanza inaonyesha mzigo ulivyo, lakini ya pili ndiyo inayomwonyesha mtu mwenyewe. Baada ya wiki tatu nilimtuma mdogo wangu, ambaye yule muuzaji wa pili hakumjua, akanunua kwake vipande 20 kwa dola 8 na senti 20 kimoja. Urefu ulikuwa uleule na kitambaa kilekile, isipokuwa vipande viwili vilivyochapwa ua likiwa limepinda. Nilimrudishia muuzaji vipande hivyo viwili pamoja na fakitira, ambayo mdogo wangu aliidai iandikwe idadi ya vipande, jina la ua na maneno "yadi 6", na kesho yake alivibadilisha bila ugomvi. Hapo ndipo nilipochukua balo lake la vipande 50. Angekataa, ningepoteza dola 16 na senti 40, nami ningezihesabu kuwa ada ya kumjua.

Kuhusu fedha zako 900, naona oda za majaribio zisizidi 150. Usizitumie kupima faida, kwa sababu nauli ya mzigo mdogo hadi Likasi huwa nzito kwa kila kipande, nawe utakata tamaa bure. Tumia kupima kitambaa na mtu. Umefanya vizuri kuanza mwezi huu. Mwezi wa pili wanawake wote wanatafuta vitenge vya sare kwa ajili ya tarehe 8 Machi, bei hupanda, na muuzaji hana haja ya kumbembeleza mteja mpya. Noti zako za dola zikague kabla ya kusafiri, maana hata mpasuko mdogo utakataliwa, na kama utalipa kwa M-Pesa, hakikisha kwamba jina linalotokea kwenye simu ndilo lililo kwenye fakitira.

Njoo Jumanne ya wiki ijayo, ulale kwangu, na ulete futi ya mita, kiberiti na kitambaa cheupe. Nitakupeleka hadi karibu na depo ya yule muuzaji wangu, lakini mara ya kwanza utaingia peke yako, nami nitabaki nje, ili bei atakayokutajia na vipande atakavyokupa viwe vile anavyompa mgeni.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Samweli