Jumamosi: vijiti bila saa

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana tena na watoto wa darasa la saba pale kiwanjani Kirumba.

Tunabadilisha jambo moja. Wiki iliyopita tulipima muda kwenye mbio za vijiti za hesabu, na mmoja wa mabinti zetu alifika ubaoni akaganda, chaki mkononi, mabega yameinuka hadi masikioni. Swali lilikuwa 3/4 ya 48, na nyumbani hulijibu bila shida. Wenzake walikuwa wakimpigia kelele aharakishe. Kosa lilikuwa letu, si lake.

Kwa hiyo saa tunaiweka pembeni. Mtoto anakimbia, anachukua kadi, anajibu kutoka kichwani bila daftari, kisha anampa mwenzake kijiti. Akikwama, timu inampa dokezo, siyo jibu: "Robo ya 48 ni ngapi?" Akipata 12, mwacheni azidishe kwa 3 mwenyewe. Kadi iliyokosewa irudi chini ya rundo, aikute tena baada ya dakika chache. Kukumbuka tena ndiko kunakokaza somo.

Kabla ya kila mzunguko tucheze "wavu": kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4, kuitoa taratibu kwa 6, mara tano. Mtoto asibane pumzi. Akisikia kizunguzungu, apumue kawaida.

Mkiona mtoto hapati usingizi kwa hofu au tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, michezo haitoshi. Niambieni faraghani, tuzungumze na mzazi wake.

Nani ana kadibodi za kukata kadi?