Ushuru wa soko na kisima chetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze somo alilolitoa mwalimu wa mwanangu wa darasa la tano.

Aliwapeleka watoto kisimani asubuhi, kabla mtu hajateka. Wakasukuma mpini wa pampu mara kumi na tano ndipo maji yakatoka. Akawaeleza kwamba vali ya chini imechakaa, hivyo usiku maji hurudi kisimani na bomba hubaki tupu. Mpira wa vali ni mdogo kama kiganja cha mtoto. Nani anaununua?

Darasani akawagawia watoto arobaini kokoto moja moja, kila mmoja akiwa mwenye meza sokoni. Mtoza ushuru alipokea kokoto na kuandika stakabadhi, nakala ikibaki kitabuni. Ishirini zikaenda kwenye usafi wa soko, kumi kwa mlinzi, kumi zilizobaki kwenye mfuko wa kisima.

Kisha wakarudia, safari hii akimnong'oneza mtoza apokee kokoto za watu sita bila kuwaandikia stakabadhi, abaki nazo. Nakala zikawa thelathini na nne. Usafi na mlinzi wakalipwa kama kawaida, kisima kikaambulia kokoto nne. Binti mmoja akauliza, "Mbona zote sita zimepungua kwenye mfuko wa kisima?" Kwa sababu kisima hulipwa mwisho, na mpira uliochakaa haudai mshahara.

Jioni mwanangu aliniuliza iko wapi stakabadhi yangu ya soko. Sikuwa nayo, sikuwahi kuidai. Naomba kamati ya soko letu ibandike ukutani hesabu ya nakala kila mwezi, karibu na kisima.

Mzazi na mfanyabiashara wa sokoni