Milioni 1.6 mliyoiita ndogo: barua kwa wakaguzi wetu wa hesabu

Malindi

Kwa Mshirika Mkuu,
Kampuni ya Ukaguzi wa Hesabu,
Mombasa.

Bwana Mshirika,

KUH: RIPOTI YENU JUU YA HESABU ZA KAMPUNI YETU YA BARAFU NA SAMAKI

Nakuandikia nikiwa mjumbe wa bodi na mwenyekiti wa kamati yake ya ukaguzi. Mwezi wa Aprili mlitia sahihi ripoti safi, isiyo na neno lolote kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Sina ugomvi na vijana mliowatuma. Waliingia vyumba vya baridi wakahesabu makreti ya samaki moja moja, na mpaka leo wafanyakazi wetu wanawasifu. Ninalolalamikia ni uamuzi mmoja uliofanywa ofisini kwenu.

Kabla hamjatia sahihi, mlituletea barua ya uthibitisho ili wakurugenzi waikubali. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya makosa ambayo hayakurekebishwa. Mstari wa tatu ulisema hivi: deni la mteja ambaye ni hoteli, shilingi 1,600,000, halijatengewa hasara, liko chini ya kiwango. Nilipouliza, meneja wenu alinijibu kwa baruapepe kwamba kiwango cha umuhimu mlichokiweka ni milioni 1.8, na kwa hiyo kosa hilo halina athari kwa msomaji wa hesabu.

Kiwango chenyewe sikigombi sana. Mauzo yetu yalikuwa milioni 180, nanyi mkachukua asilimia moja. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 320 kinatoa mfano wa asilimia tano ya faida kabla ya kodi kwa kampuni ya kibiashara, lakini hakimfungi mkaguzi kwa asilimia yoyote, na faida yetu hupanda na kushuka kwa kufuata kusi na kaskazi. Kuegemea mauzo ni jambo linaloweza kutetewa. Ila faida yetu ya mwaka ilikuwa milioni 1.2 tu. Kipimo kinachoizidi faida yote ya kampuni kilitakiwa kiwatie wasiwasi tangu siku mlipokiandika.

Kosa la milioni 1.6 ndani ya faida ya milioni 1.2 linamaanisha kwamba kampuni haikupata faida. Ilipata hasara ya shilingi 400,000 kabla ya kodi. Hilo peke yake lingetosha kuwarudisha mezani, kwa sababu kiwango namba 450 kinamtaka mkaguzi atazame ukubwa wa kosa na pia aina yake na mazingira yake. Kinataja kosa linaloficha mabadiliko katika mwenendo wa mapato, na kinataja waziwazi kosa linalogusa masharti ya mkopo.

Na mkopo tunao. Mkataba wetu na benki unasema kwamba kila tarehe 31 Desemba mali yetu ya muda mfupi isipungue mara 1.2 ya madeni ya muda mfupi. Ikipungua, benki ina haki ya kudai salio lote mara moja. Hesabu mlizozipitisha zinaonyesha mali ya milioni 19.8 kwa madeni ya milioni 16, yaani karibu mara 1.24. Tumepita, tena kwa unywele. Ondoa sasa ile milioni 1.6. Mali inabaki milioni 18.2, na uwiano unashuka hadi takriban 1.14. Sharti limevunjwa.

Likishavunjwa, hadithi haiishii kwenye uwiano. Milioni 18 za mkopo zinazoonyeshwa kuwa deni la muda mrefu zinapaswa kuhamia kwenye madeni ya muda mfupi, kwa kuwa hadi tarehe 31 Desemba benki ilikuwa haijatupa barua ya kusamehe. Madeni ya muda mfupi yanakuwa milioni 34 dhidi ya mali ya milioni 18.2. Mwenye hisa anayeuza samaki pale sokoni, asiyejua uhasibu hata kidogo, akionyeshwa tarakimu hizo mbili atauliza mara moja: benki ikidai, tutalipa na nini?

Swali hilo ndilo kiwango namba 570 kinachowataka mliulize. Kushindwa kutimiza masharti ya mkopo kumo katika mifano yake ya mambo yanayoweza kutia shaka kubwa juu ya kuendelea kwa biashara. Lakini kwa kuwa mlilifunga deni la hoteli kwa kipimo cha milioni 1.8, hamkufika hapo. Faili la mtiririko wa fedha ambalo meneja wetu aliwapa linadhani benki italipwa milioni 4 mwaka huu, kwa awamu, kama kawaida. Mlikagua hesabu ya barafu na mafuta ya jenereta; dhana hiyo ya awamu mkaiacha ilivyo.

Najua mtasema milioni 1.6 ni makadirio, na kwamba hoteli ilifunga Februari, baada ya mwaka kwisha. Hoja hiyo haisimami. Hoteli haikuwa imelipa tangu Agosti. Na Malindi nani hufunga hoteli Februari, kaskazi inavuma na Waitaliano wamejaa mji? Aliyefunga wakati huo alikuwa ameshazama kabla ya Desemba. Kufilisika kwa mteja baada ya mwaka kwa kawaida huthibitisha hali iliyokuwepo mwaka ulipofungwa, na hesabu hurekebishwa.

Nimeona pia namna mlivyolipima deni hilo. Barua yenu ya kuthibitisha salio haikujibiwa na hoteli, mkageukia hati za kupokea mzigo zilizotiwa sahihi jikoni kwao. Hati hizo zinathibitisha kwamba samaki walifika na deni lipo. Kwamba litalipwa, hazisemi.

Sidai kwamba kampuni inakufa. Huenda benki ikatupa barua ya msamaha, na mazungumzo yameanza. Ila msomaji ana haki ya kuelezwa. Kama shaka ni kubwa na bodi imeieleza vya kutosha katika maelezo ya hesabu, maoni yenu yangebaki safi, mkaongeza sehemu yenye kichwa chake kuhusu mashaka makubwa juu ya kuendelea kwa biashara. Kama bodi ingekataa kuieleza, basi mngetoa maoni yenye dosari, au hasi kabisa. Njia zote hizo zilikuwepo. Mlichagua kimya.

Sehemu ya lawama ni ya meneja wetu wa fedha, aliyekataa kurekebisha, na bodi inashughulika naye. Lakini yeye hatii sahihi ripoti ya ukaguzi.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, mlipime upya kosa hilo mkiwa na mkataba wa mkopo mkononi, na mnionyeshe kwa maandishi kama kuna mtu katika timu yenu aliyeusoma kabla ya Aprili. Pili, mkikubali hesabu hii, mkutane na bodi ili hesabu zirekebishwe, nanyi mtoe ripoti mpya inayoeleza kwa nini ya kwanza imebadilishwa, kabla ya mkutano mkuu wa wenye hisa. Mpaka hapo nimemwomba katibu asiisambaze ripoti ya Aprili, na asiipeleke benki.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitapeleka barua hii na ile karatasi ya makosa kwa taasisi ya wahasibu waliosajiliwa nchini.

Wako,

Mwenyekiti, Kamati ya Ukaguzi ya Bodi

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Katibu wa Kampuni